Entebbe hadi Hamburg, watu watatu: "Light" ya dola 690 au "Standard" ya dola 790, ipi nafuu kweli?

BabaSalma_Jinja

Habari zenu wakuu. Tangu jana jioni niko na kalamu na karatasi na bado sijapata jibu, naomba msaada wenu.

Mdogo wangu anaoa Hamburg mwezi wa nane. Tunakwenda watatu: mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka 7. Tunapanda Entebbe usiku, asubuhi tunabadilisha ndege Ulaya, kisha kipande kifupi cha kama saa moja hadi Hamburg. Kurudi ni njia hiyohiyo.

Shirika lilelile, ndege ileile, saa ileile, linanipa bei mbili. "Light" ni dola 690 kwa mtu, kwenda na kurudi. "Standard" ni dola 790. Mtoto ameandikiwa bei ya mtu mzima kwenye zote mbili. Light unapata begi la mkononi la kilo 8 basi, siti unapangiwa na mfumo, na tarehe haibadilishwi. Standard kila mtu ana begi la chini la kilo 23, lile unalolikabidhi kaunta, na siti za kawaida unachagua bila kulipa.

Ukiwa na Light na ukataka begi, wameandika dola 60 ukilipia mtandaoni, dola 85 ukilipia uwanjani. Siti ni dola 28 kwenye ndege ndefu na dola 12 kwenye ile fupi.

Kaka yangu anasema chukua Light, tofauti ya dola 300 kwa watu watatu ni zaidi ya milioni moja ya shilingi, hiyo ni ada ya shule ya Salma. Mke wangu anasema kile cha bei rahisi kitatutoa pesa mbele. Nani ana haki?

Kijana_wa_Ntinda

Kaka yako ana haki, mzee. Hesabu ni fupi. Begi dola 60 mara watu watatu ni 180. Tofauti yenu ni 300. Kwa hiyo hata mkibeba begi kila mtu, mmebaki na dola 120 mfukoni. Siti acheni wawapangie, ndege yote inafika saa moja.

Ila angalia kitu kimoja: hizi tiketi za chini kabisa hawakuruhusu hata begi la kuweka juu, unaruhusiwa kile kibegi cha kuweka chini ya kiti peke yake. Binamu yangu alizuiwa Marekani kwa jambo hilohilo.

Mama_Tiketi

Ndugu Kijana, umefanya kosa ambalo nimeliona kwenye dawati langu la kuuza tiketi mwaka wa 14 sasa, na linagharimu watu pesa nyingi, kwa hiyo niruhusu nilieleze polepole.

Hizo dola 60 ni za upande mmoja. Kwenda ni 60, kurudi ni 60 nyingine. Watu watatu wakibeba begi kila mmoja, kwenda na kurudi, ni 360 na si 180. Hapo Light imeshapita Standard kwa dola 60 kabla hata hamjagusa siti.

Na siti ina kipimo chake tofauti na begi. Begi unalipia kwa upande: ukilikabidhi Entebbe na tiketi ni moja, linasafiri hadi Hamburg kwa malipo hayohayo, hata ubadilishe ndege. Siti unalipia kwa kila ndege unayopanda. BabaSalma anapanda ndege mbili kwenda na mbili kurudi, jumla nne. Mtu mmoja akichagua siti kote ni 28 na 12, mara mbili, yaani dola 80. Watu watatu ni 240. Mtu anaona "28" kwenye skrini anadhani ndiyo bei ya siti yake ya safari. Sivyo. Ndiyo maana safari yenye kubadilisha ndege huumiza kwenye siti kuliko safari ya moja kwa moja, hata kama bei ya begi ni ileile.

Kuhusu begi la juu, binamu yako hakudanganya. Shirika la United kwa tiketi yao ya chini kwenye safari za ndani ya Marekani hawaruhusu begi kubwa la mkononi. Lakini hiyo si sheria ya dunia. BabaSalma amesema Light yake ina kilo 8 za mkononi, na hizo ni za kuweka juu.

Sasa BabaSalma, kabla sijaenda mbele: mnabeba mabegi mangapi hasa? Usinijibu "kila mtu moja" kwa mazoea. Fikiria kwenda peke yake, na kurudi peke yake.

Mzigo_Kikuubo

Salaam jamani. Mimi naenda Dubai mara nne kwa mwaka kuchukua nguo za watoto na naweza kusema hivi: usiangalie bei ya tiketi, angalia bei ya kilo. Mzee wa Jinja, ukitaka kuleta mzigo kutoka Hamburg, tiketi si njia. Kilo zikizidi sana mpe mtu wa kago, ulipie kule, upokee Entebbe.

Mimi kwenda nakwenda mtupu, begi moja la mkononi lenye shati mbili na daftari la oda. Kurudi nina kilo 60 hadi 70. Kwa muda mrefu nilikuwa nanunua tiketi ya juu pande zote mbili, maana ndivyo wakala wangu alivyozoea. Mwaka jana mtoto wangu alinionyesha kwamba shirika ninalopanda linakubali uchague bei ya chini kwa kwenda na bei ya juu kwa kurudi, kwenye tiketi moja. Nilikuwa nalipia begi la kwenda ambalo halikuwahi kuwepo. Miaka sita nimelipia hewa.

BabaSalma_Jinja

Mzigo, asante kaka, ila sisi ni harusi tu, hakuna biashara. Lakini hilo la kwenda na kurudi limenifungua macho.

Mama Tiketi, nimekaa na mke wangu tukahesabu vitu kimojakimoja. Kwenda tuna zawadi: gomesi mbili za bibi harusi na dada yake, kanzu za wanaume, mkeka mkubwa uliosukwa na mama, unga wa karanga, kahawa. Na nguo zetu. Yanatosha mabegi mawili ya kilo 23, tumepima kwa mizani ya duka la jirani: moja 21, jingine 22 na kitu. Kurudi zawadi zimebaki kule, tuna nguo zetu na vitu vichache vya Salma. Begi moja.

Kwa hiyo kwenda mawili, kurudi moja. Matatu badala ya sita.

Mama_Tiketi

Hapo sasa tunazungumza. Tufanye yako yenyewe.

Tiketi tatu za Light ni 2,070. Mabegi matatu kwa 60 ni 180. Umefika 2,250. Standard tatu ni 2,370 na hakuna cha kuongeza. Kwa hiyo kama hamjali siti hata kidogo, Light inawaokolea dola 120. Si 300 ambazo kaka yako anaziona, lakini 120 ni pesa.

Mkitaka siti wote watatu kwenye ndege zote nne, mnaongeza 240. Inakuwa 2,490. Sasa Light ndiyo ghali, kwa dola 120.

Unaona, jibu lote limelala kwenye siti. Kwa hiyo niambie, ni nani kati yenu lazima ajue atakaa wapi, na kwenye ndege ipi?

BabaSalma_Jinja

Mimi naweza kukaa popote, hata kati ya watu wawili wanene. Ile ndege fupi ya saa moja hatujali. Ila kwenye ndege ya usiku Salma hawezi kukaa mbali na mama yake. Hajawahi kupanda ndege, na usiku huwa anaamka akilia.

Mama_Tiketi

Basi siti mbili tu, za mama na mtoto, kwenye ndege ndefu tu, kwenda na kurudi. Ni 28 mara nne, 112.

2,250 na 112 ni 2,362. Standard ni 2,370.

Dola 8, BabaSalma. Chini ya shilingi elfu thelathini kwa familia nzima. Ulianza na tofauti ya 300, na baada ya kuweka maisha yenu halisi ndani yake imebaki nane. Na kwa hizo nane Standard inakupa mabegi matatu zaidi, siti yako wewe, na ruhusa ya kubadilisha tarehe kwa kulipa faini. Nafasi hiyo ya tarehe nitarudi kwake, kwa sababu harusi husogea.

Niongeze jambo moja kwa wengine wanaosoma. Si kila "Standard" ina siti ndani yake. Kuna mashirika ambayo bei ya katikati inakupa begi peke yake na siti unalipia vilevile. Jina la bei halikuambii kitu: mmoja anaita Light, mwingine Lite, mwingine Basic, mwingine Saver, na ndani yake vitu havifanani. Soma yaliyomo, jina liache.

Nuru_Arua

Naomba niweke langu hapa kwa sababu bado linaniuma.

Mwaka juzi nilimnunulia mama tiketi kwenye tovuti moja inayolinganisha bei, si ya shirika lenyewe. Nilichukua ya juu kabisa kwenye orodha kwa sababu ndiyo ilikuwa rahisi. Mama ametoka Arua kwa basi la usiku, amefika Kampala asubuhi, jioni tumempeleka Entebbe. Ana begi moja kubwa: samaki wakavu, simsim, nguo za mjukuu aliyezaliwa kule.

Kaunta dada akaweka begi kwenye mizani, akatazama skrini, akauliza, "Hili umelilipia wapi?" Nikamwambia tiketi imelipiwa. Akageuza skrini nione. Tiketi haikuwa na begi hata moja. Bei ya uwanjani ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya mtandaoni, na mtandaoni palikuwa pameshafungwa kwa sababu saa za mwisho zilikuwa zimepita. Nikalipa kwa simu, watu nyuma wamejipanga. Mama alisimama pale ananiambia, "Tuache samaki, mwanangu, tuache." Kitu kidogo, lakini alisafiri akidhani amenitia hasara.

Nilitafuta baadaye kwenye tiketi yenyewe. Ilikuwa imeandikwa tangu siku ya kwanza. Sikujua pa kuangalia.

Mama_Tiketi

Pole sana Nuru. Na mama alifanya vizuri kubeba simsim.

Pa kuangalia ni hapa, na naomba kila mtu afungue tiketi yake aangalie leo. Kwenye tiketi ya kielektroniki, ile karatasi ndefu wanayotuma kwa barua pepe, kila ndege ina mstari wake, na kwenye mstari kuna safu imeandikwa BAG au Baggage. Chini yake utaona kitu kama hivi:

```
0PC
1PC
30K
```

0PC maana yake hakuna begi la chini. 1PC ni begi moja, na uzito wake unatazama kwenye masharti, mara nyingi kilo 23. 30K ni kilo 30 kwa jumla bila kuhesabu idadi ya mabegi. Wengine huandika NIL au NO badala ya 0PC.

Angalia mstari wa kwenda na mstari wa kurudi, vyote viwili. Nimeona tiketi yenye 1PC kwenda na 0PC kurudi, na mwenye tiketi hakujua hadi siku ya kurudi, yuko nchi ya watu na pesa zimeisha.

Ukiona 0PC na una begi, ingia kwenye tovuti ya shirika lenyewe kwa namba ya buking na jina la ukoo, lipia begi mapema. Tovuti nyingine za kulinganisha bei hazikuonyeshi yote, ila Google Flights wana kitufe kimeandikwa "Bags" pale juu. Ukikibonyeza na kuongeza begi, orodha hubadilika, na ya kwanza inaweza kushuka hadi ya tano. Hata hivyo bei ya mwisho iamini kwenye ukurasa wa malipo wa shirika, si kwingine.

Mzigo_Kikuubo

Mama Tiketi, hapo kwenye 1PC na 30K umegusa mahali pangu. Mimi na ndugu yangu tulirudi pamoja, yeye ana begi la kilo 14, mimi la kilo 31. Tukasema jumla ni 45, haifiki 46, tuko salama. Wakatukatalia. Niliambiwa kila begi lisizidi 23. Nilifungua begi pale sakafuni, nikahamisha jinzi za watoto dazeni mbili mbele ya watu.

Mama_Tiketi

Ndiyo, ndugu yangu. Kwenye mfumo wa idadi kila begi linapimwa peke yake. Kilo zilizobaki kwa mwenzio hazikusaidii mpaka uzihamishe kwa mikono. Kwenye mfumo wa kilo, waliopo kwenye buking moja kwa kawaida huhesabiwa pamoja. Kwa BabaSalma ni idadi, kwa hiyo lile begi lako la 22 na kitu usiliongezee hata gazeti. Mizani ya duka na mizani ya Entebbe si ndugu.

Na wewe unayebeba mabegi mawili kurudi, jihadhari na jambo jingine. Begi la kwanza na la pili huwa hayana bei moja, la pili mara nyingi ni ghali zaidi. Mwenye Light akinunua mabegi mawili analipa la kwanza na la pili. Mwenye Standard tayari ana la kwanza, analipa la pili tu. Kwa watu wa mzigo mkubwa, bei ya juu huanza kuleta faida hapo.

Kijana_wa_Ntinda

Nimekubali kosa la upande mmoja, asante Mama. Lakini kuna kitu bado sikubali. Kwa nini alipie siti ya mtoto? Shirika haliwezi kumweka mtoto wa miaka 7 peke yake kati ya wageni. Mfumo unajua umri wake, utamweka na mzazi bure. Hizo dola 112 ni za hofu. Akiziacha, Light inabaki nafuu kwa 120.

Baba_Pacha_Mbale

Kijana, mimi nina mapacha wa miaka 6. Tiketi ya chini, hatukulipia siti. Saa 24 kabla tulipofungua chekini tukapangiwa: mke wangu safu ya 31, pacha mmoja nyuma yake, mimi na mwingine tuko safu ya 22. Kila mtoto alikuwa karibu na mzazi, lakini mmoja alikuwa nyuma ya mama yake, si pembeni. Kwenye ndege mwanamke mmoja Mkongo aliyekaa pale alihama mwenyewe bila kuombwa. Mungu ambariki. Lakini alihama kwa huruma yake. Shirika halikufanya kitu.

Bibi_wa_Fort_Portal

Mimi nimesafiri na wajukuu mara tatu na sijawahi kulipia siti, na kila mara wamekaa nami. Siri ni kufungua chekini dakika ileile inapofunguliwa.

Mama_Tiketi

Bibi, na mimi nimeona hivyo mara nyingi. Na Baba Pacha, na mimi nimeona hivyo pia. Mashirika mengi yana utaratibu wa kumweka mtoto karibu na mtu mzima mmoja wa buking yake, ila "karibu" inaweza kuwa nyuma, au ng'ambo ya njia. Na mfumo unagawa zilizobaki: ndege ikijaa, waliolipa wameshachukua zilizo pamoja. Mwezi wa nane ndege za Ulaya hujaa. Siwezi kumwahidi BabaSalma upande wowote. Yeye anamjua Salma usiku.

BabaSalma_Jinja

Namjua. Hilo sitalibahatisha.

Lakini nimepata wazo. Je, nikinunua tiketi mbili tofauti? Mama na Salma Standard, wapate siti na mabegi mawili. Mimi Light, begi la mkononi. Hiyo ni 1,580 na 690, jumla 2,270. Kwenda tuna mabegi mawili yao, kurudi moja, siti zao bure. Nimepunguza dola 100 kutoka 2,370 na 92 kutoka kwenye ile ya 2,362!

Kijana_wa_Ntinda

Mzee umetushinda sote hapo.

Mama_Tiketi

Hesabu ni sahihi kabisa, na ni nzuri, nakiri mimi mwenyewe sikuifikia. Sasa nikuonyeshe bei yake iliyofichika, halafu uamue.

Mashirika mengi hayaruhusu kuchanganya Light na Standard kwa watu tofauti ndani ya buking moja, kwa hiyo itabidi uwe na buking mbili. Siku zikienda sawa hutaona tofauti. Ndege ya Entebbe ikichelewa na mkakosa ile ya pili asubuhi, mfumo unapanga upya buking moja moja. Nimeona mke na mtoto wakiwekwa ndege ya saa 6 mchana, mume ya saa 2 usiku, kwa sababu kompyuta haikujua kwamba ni familia. Ukiwa na buking mbili, siku unayolipa piga simu kwa shirika uombe ziunganishwe kwa maelezo. Wengi hukubali. Maelezo hayo yanamsaidia mtu wa kaunta anayesoma. Kompyuta haiyasomi kila mara.

Angalia pia muda kati ya ndege mbili. Saa moja na nusu, ningeogopa. Saa nne, ningechukua wazo lako.

BabaSalma_Jinja

Ni saa 3 na dakika 40 kwenda. Kurudi ni saa moja na dakika 25.

Mama_Tiketi

Kurudi ni finyu. Lakini kurudi mnarudi nyumbani, hakuna harusi inayosubiri. Hilo ni lako na mama Salma.

Sasa nirudi kwenye tarehe kama nilivyoahidi. Viza zimetoka?

BabaSalma_Jinja

Bado. Miadi ni wiki ijayo. Nilitaka kulipa leo kabla bei haijapanda.

Mama_Tiketi

Hapana, baba. Usilipe leo, iwe Light, Standard au mchanganyiko.

Light haibadilishwi tarehe. Viza ikichelewa wiki moja, hizo 690 zimekwenda. Standard unabadilisha, lakini kwa faini, na juu ya faini unalipa tofauti ya bei ya siku hiyo mpya. Mtu huambiwa "inabadilishwa" akadhani ni bure. Na kubadilisha si kurudishiwa: wakikunyima viza, Standard za aina hii mara nyingi hazirudishi nauli, unarudishiwa kodi fulani za uwanja tu ukizidai. Anayerudishiwa ni yule wa bei ya juu kabisa.

Kwa maombi ya viza ya Schengen ubalozi unahitaji kuona mpango wa safari, buking yenye tarehe na namba za ndege. Balozi zenyewe hushauri watu wasinunue tiketi kabla ya viza. Njoo kwa wakala yeyote unayemwamini, akufungulie buking ya kushikilia siti, ipeleke. Viza zikitoka, siku hiyohiyo unafungua tena karatasi yako na kurudia hesabu, kwa sababu 690 na 790 hazitakuwa zilezile. Pengo likiwa dola 60 kwa mtu badala ya 100, Standard kwa wote inaishinda Light na wazo la buking mbili linaokoa dola 60 tu. Likiwa 150, wazo lako linakuwa tamu zaidi.

Nuru_Arua

Na ukilipa, BabaSalma, fungua tiketi usiku huohuo uangalie ile safu ya BAG. Mistari yote minne.

BabaSalma_Jinja

Nitafanya hivyo dada. Mke wangu amesoma uzi wote juu ya bega langu. Amesema buking mbili hataki, anataka tuwe kwenye karatasi moja hata kama ni dola mia. Kaka yangu bado anasema Light. Karatasi nimeibandika ukutani jikoni: mabegi mawili kwenda, moja kurudi, siti mbili ndege ndefu. Bei nimeacha wazi, nitaijaza viza zikitoka.

Mzigo_Kikuubo

Mama Tiketi, na mimi nina swali. Yule mtu wa bei ya chini kwenda na bei ya juu kurudi, ikitokea nabadilisha tarehe ya kurudi tu, masharti ya nani yanatumika, ya ile ya chini au ya ile ya juu?

Mama_Tiketi

Kwa mashirika mengi ukichanganya, sharti gumu zaidi ndilo linalotawala tiketi nzima, hasa kwenye kurudishiwa pesa. Kwenye kubadilisha tarehe kuna wanaoangalia kila upande na masharti yake. Niletee tiketi yako nisome masharti yenyewe, sitaki kukisia kwa pesa yako.